Somo kwa Mafundi Cherehani: Kutoka Nguo ya Kupima hadi Bidhaa ya Dukani

Fundi wa sare za shule hapa Lushoto huelemewa na kazi kuelekea Januari; shule zikishafunguliwa, cherehani hulala hadi mteja mwingine alete kitambaa chake. Njia mojawapo ya kuziba pengo hilo ni kushona bidhaa isiyohitaji vipimo vya mwili, lakini inayotumia ujuzi ambao fundi tayari anao.

Tuchukue mfano wa mkoba wa kitenge. Anayejua kutia zipu ya sketi, mfuko wa suruali na bitana ya koti hana jipya la kujifunza. Mnunuzi yupo pia: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na wageni wapandao Irente hutafuta kitu chepesi cha kurudi nacho nyumbani.

Kitenge kifuliwe kwanza, kwani hunywea na kingine huchuja rangi. Kisha, kwa patani ya karatasi ngumu, yadi moja hutoa vipande vinne vya sentimita 42 kwa 42, yaani mikoba miwili. Ukanda unaobaki pembeni hutoa mikanda minne ya kushikia, yenye upana wa sentimita 12, ambayo hukunjwa mara nne. Mkoba hukatikia kwenye mkanda. Hivyo kila mwisho wa mkanda ushonwe mraba wenye msalaba ndani yake.

Tofauti kubwa iko kwenye hesabu. Katika nguo ya kupima, kitambaa ni cha mteja. Katika bidhaa ya dukani, kitambaa ni mtaji wa fundi. Tuseme vifaa vya mkoba mmoja vimegharimu shilingi 3,500, nayo kazi ni saa mbili kwa shilingi 1,500 kila saa. Gharama ni shilingi 6,500. Mwenye duka akichukua robo ya bei, mkoba wa shilingi 10,000 humpa fundi 7,500, na ziada ni 1,000. Ukiuzwa 8,000, fundi hupata 6,000: amepoteza 500, ingawa mkononi ameshika fedha. Ndiyo maana asiyehesabu saa zake hudhani anapata faida.

Kwa hiyo anza na mikoba 12, yaani pea moja ya kitenge cha yadi sita. Duka likichukua kwa mali kauli, andikishaneni idadi, bei na siku ya kulipana. Rangi zilizobaki mwishoni mwa mwezi zisirudiwe.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hueleza utaratibu. Hata hivyo, ni busara kikundi kiombe baada ya mikoba 12 ya kwanza kuuzwa na hesabu yake kuandikwa, si kabla.