Kutoka Ujumbe wa Sauti hadi Memoranda: Ombi Litangulie

Kila mwaka bunge la kaunti hutangaza kwamba wakazi wapeleke maoni yao kwa maandishi kuhusu bajeti. Maandishi hayo huitwa memoranda. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi zake, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafikishwe bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Kati ya hapo na mwisho wa Juni, kamati hupitia makadirio hayo na kusikiliza maoni.

Katika vijiji vyetu vya ufuoni, Migori na Homa Bay, maoni hayaanzi kwa kalamu. Huanza kwa ujumbe wa sauti katika kikundi cha WhatsApp. Anayejua kuandika hupewa kazi ya kuugeuza uwe barua. Wengi huandika maneno yote kwa mpangilio uleule wa mdomo, na hapo ndipo ombi hupotea. Mtu anapozungumza, hueleza shida kwanza, hulalamika, kisha humalizia na anachotaka. Karani wa kamati husoma kwa namna tofauti. Anajaza jedwali: nani ametoa maoni, anaomba nini, kwa sababu gani. Ombi likiwa mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili, huenda jedwali likaandikwa tu "malalamiko kuhusu ufuo".

Tuchukue mfano tuliotunga kwa ajili ya somo hili, wa mama mchuuzi wa omena katika wadi ya Muhuru, Nyatike:

"Haya, habari zenu. Juzi mvua imenyesha tena, omena yote imeoza. Sisi tunaanika kwa mchanga tu. Mnunuzi akiona mchanga anashusha bei, inaenda chakula ya kuku. Choo iko moja na mlango ilianguka. Hawa viongozi wanakuja tu wakati wa kura. Sisi wamama tuko kama sitini. Hata stima inapotea potea. Tukipata vichanja vya kuanikia, vile vimeinuliwa na viko na paa, hata kumi, tutashukuru. Ardhi iko, BMU imekubali."

Sikiliza ujumbe mara mbili. Mara ya kwanza usiandike chochote. Tafuta tu anachotaka msemaji. Mara ya pili andika kila jambo katika mstari wake, kwa maneno yake mwenyewe. Kama amesema kwa Kijaluo au Kikuria, andika hivyo kwanza ndipo utafsiri. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa hivyo memoranda ya Kiswahili ni halali kama ya Kiingereza.

Sasa weka herufi kando ya kila mstari. O ni ombi, H ni hali ilivyo, U ni ushahidi, na N ni ya kuacha nje. Vichanja kumi ni O. Kuanika mchangani ni H. Omena kuoza, bei kushuka, wachuuzi sitini na kibali cha BMU ni U. Maneno kuhusu viongozi ni N, kwa sababu kamati haiwezi kuyatengea pesa. Stima pia ni N hapa. Kupotea kwa umeme huripotiwa kwa Kenya Power. Choo ni ombi la kweli, lakini ni la idara nyingine. Kiandikie memoranda yake, kisije kikameza vichanja au vichanja vikakimeza.

Baada ya kupanga, mapengo huonekana. "Juzi" ni tarehe gani? "Omena yote" ni madebe mangapi? "Kama sitini" ni wangapi katika daftari la kikundi? Mpigie simu mama huyo. Usijaze pengo kwa kukisia, kwani kamati ikizuru ufuo na kukuta idadi si hiyo, itashuku na mengine yote. Katika mfano wetu amejibu: wanachama 57, na madebe 38 yaliharibika tarehe 22 na 23 Aprili.

Memoranda basi huwa hivi:

Kwa: Karani, Bunge la Kaunti ya Migori
Kutoka: Kikundi cha wanawake wachuuzi wa omena, wadi ya Muhuru
Tarehe: 12 Mei 2025
Kuhusu: Ombi la vichanja 10 vya kuanikia omena katika makadirio ya bajeti ya 2025/2026, idara ya uvuvi

1. Ombi. Tunaomba vichanja 10 vilivyoinuliwa na kuezekwa, vijengwe katika ufuo wetu.

2. Hali ilivyo. Sisi ni wachuuzi 57. Ufuo hauna kichanja hata kimoja, na omena zote huanikwa mchangani.

3. Hasara. Mvua ya tarehe 22 na 23 Aprili 2025 iliharibu madebe 38. Omena zenye mchanga hununuliwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku.

4. Tulicho nacho. Ardhi ipo. Nakala ya kumbukumbu za mkutano wa BMU ulioikubali imeambatishwa.

Mwisho huwekwa jina, sahihi na nambari ya simu ya mwenyekiti na katibu.

Tazama kichwa cha habari. Kina kitu, idadi, mwaka wa fedha na idara. Karani akisoma mstari huo pekee, jedwali lake limejaa. Hiyo ndiyo njia ya kupima kazi yako: mpe jirani asome kichwa na sehemu ya kwanza tu, kisha umuulize kikundi kinataka nini. Akisita, rudi kwenye sehemu ya O.

Kabla ya kupeleka, msomee aliyetuma ujumbe, kwa lugha yake. Mwandishi anaruhusiwa kupanga upya na kupunguza. Hana ruhusa ya kuongeza. Ukiandika vichanja 20 kwa kudhani vitakatwa hadi 10, hilo si ombi lake tena.

Kuna jambo moja ambalo mpangilio mzuri hauwezi kulitatua. Sheria hiyo ya 2012 inasema bunge likiongeza matumizi mahali pamoja katika makadirio, lazima lipunguze mahali pengine. Kwa hivyo memoranda hailazimishi kamati kukubali. Lakini ombi lenye idadi linaweza kukadiriwa gharama na kulinganishwa na mengine. "Mtusaidie akina mama" haliwezi. Kama umesoma makadirio na kuona fungu la idara hiyohiyo linaloweza kupunguzwa, litaje katika sentensi moja chini ya ombi.

Angalia pia tarehe ya mwisho iliyo katika tangazo. Peleka nakala mbili katika ofisi ya karani, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Ripoti ya kamati itakapotoka, nakala hiyo ndiyo mtakayoishika mkiuliza vichanja 10 viliishia wapi.