Ulipandisha Bei, Mauzo Yakashuka: Je, ni Bei Kweli?

Tuseme una duka la rejareja. Mwanzoni mwa Januari ulipandisha mafuta ya kupikia ya lita moja kutoka shilingi 300 hadi 330, yaani asilimia 10. Sukari, unga na majani chai hukugusa. Desemba uliuza chupa 200 za mafuta, Januari 150. Mauzo yameshuka asilimia 25, na sasa unataka kurudisha bei ya zamani.

Ngoja kwanza. Januari watu wanalipa karo, mfukoni hakuna kitu. Hapa zile bidhaa ambazo hukubadilisha bei ndizo zitakusaidia. Stetimenti ya malipo inaonyesha pesa tu, haisemi mteja alinunua nini, kwa hivyo fungua daftari la oda. Tuseme sukari, unga na majani vilitoka 400 hadi 340, yaani vimeshuka asilimia 15 bila bei kuguswa. Basi mafuta nayo yangeshuka hivyo hivyo, kutoka 200 hadi 170. Uliuza 150. Bei imekupotezea chupa 20 kati ya 170, karibu asilimia 12, si 25.

Gawanya 12 kwa 10, unapata 1.2. Huo ndio unyumbufu: bei ikipanda asilimia 1, mauzo yanapungua kama asilimia 1.2. Ungesahau Januari, ungepata 2.5.

Sasa angalia faida. Kama unanunua chupa kwa 270, bei ya zamani ingekupa 170 mara 30, yaani 5,100. Bei mpya imekupa 150 mara 60, yaani 9,000. Na ulikuwa karibu kuirudisha!

Lakini chagua vizuri bidhaa ya kulinganisha. Usitumie mafuta ya nusu lita, manake wateja waliokimbia lita moja huenda wamehamia huko. Tuseme nusu lita ilitoka 100 hadi 95, badala ya kushuka hadi 85 kama vitu vingine. Ukilinganisha nayo, utaona mafuta yameshuka asilimia 21 na unyumbufu utaruka hadi 2.1, ilhali baadhi ya wateja bado wako dukani kwako.

Pia rudi nyuma, Oktoba na Novemba. Kama mafuta na sukari havikuwa vikipanda na kushuka pamoja hata kabla ya bei kubadilika, ulinganisho huo hautafaa. Siku ambazo mafuta yaliisha dukani, ziondoe kwa bidhaa zote, kwani hakuna mteja aliyekataa bei siku hizo. Na kama kuna kibanda cha chakula kinachochukua chupa 15 kwa mwezi na kilifungwa Januari, kitoe kwenye hesabu ya miezi yote miwili kisha upige upya. Kwa chupa 20 tu zilizopotea, mteja mmoja kama huyo anabadilisha jibu lote.