Kabla Tangazo la Shamba Halijabandikwa: Mafunzo Niliyopata

Kwenye steshenari ninayofanyia kazi hapa Mwanhuzi, madalali huleta matangazo ya mashamba na viwanja yameandikwa kwenye karatasi ya daftari. Tunachapa, tunakagua, wao wanabandika.

1. Namba zina zamu yake. Kompyuta itapigia mstari mwekundu "shmaba", lakini 35,000,000 iliyotakiwa kuwa 3,500,000 itaipita kimya. Kwa hiyo nikishamaliza maneno narudi kusoma tarakimu peke yake, kidole kikiwa kwenye karatasi ya mteja. Bei naiandika pia kwa maneno, "milioni tatu na nusu", ili moja imshtaki mwenzake.

2. Vipimo vizidishwe. Dalali mmoja alileta hili: "Shamba ekari 1, mita 70 kwa 70." Hakuna herufi iliyokosewa hapo, lakini 70 mara 70 ni mita za mraba 4,900, na ekari ni kama 4,047. Tofauti ni 853, yaani kiwanja kizima cha mita 20 kwa 40 na chenji inabaki. Wengi huku hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70, na hatua ya mtu mzima hukadiriwa yadi moja, sentimita 91 hivi. Nilishuku hatua zimegeuka mita njiani. Hata hivyo sikurekebisha, maana huenda mita ndizo za kweli na ekari ndiyo ya kukisia. Tukampigia mwenye shamba.

"Shikamoo mzee. Mlipima kwa futi kamba au kwa miguu?"

"Marahaba. Kwa miguu, mwanangu. Kamba ya nini tena?"

Dalali alitaka mita zibaki, eti zinavutia. Tukaandika "takriban ekari 1 (hatua 70 kwa 70)", naye akanuna kidogo.

3. Namba ya simu ipigwe kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, si kutoka kwenye majina uliyohifadhi. Kuhesabu tarakimu 10 hunasa iliyodondoka. Zilizobadilishana nafasi bado ni 10, na hizo hunaswa kwa kupiga tu. Nikitumia faili la tangazo la zamani, namba ya mteja wa jana ndiyo hupenda kubaki pale chini.

4. Mgongano mwingine si kosa. Karatasi za zamani za ardhi husema Meatu, Mkoa wa Shinyanga, na tangazo linasema Simiyu. Zote ni sahihi: Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Meatu ikahamia huko. Kwenye tangazo naacha Simiyu, na chini yake naongeza kwamba karatasi ya mauziano imeandikwa Shinyanga, mnunuzi asije akadhani anaonyeshwa shamba jingine.