Nishati ya Mapumziko: Kuikokotoa na Kuisoma

Hata ukilala bila kufanya kazi yoyote, moyo hupiga, mapafu huvuta hewa, na ini na ubongo havisimami. Nishati inayotumika kwa kazi hizo tu, kwa saa 24, ndiyo ambayo programu za simu huiandika BMR. Kuipima hasa kunahitaji chombo cha kupima hewa anayovuta na kutoa mtu aliyeamka asubuhi, hajala tangu jana jioni, amelala kimya katika chumba kisicho na baridi wala joto kali. Chombo hicho ni wachache walio nacho, kwa hiyo sisi wanafunzi wa lishe hufundishwa kukadiria kwa kanuni.

Kanuni inayotumika sana leo ilitolewa mwaka 1990 na Mifflin, St Jeor na wenzao huko Marekani. Uzito uwe katika kilo, kimo katika sentimita, umri katika miaka:

```
Mwanamume: 10 × uzito + 6.25 × kimo − 5 × umri + 5
Mwanamke:  10 × uzito + 6.25 × kimo − 5 × umri − 161
```

Jibu ni kilokalori kwa siku. Umri unapunguza kwa sababu kwa kawaida misuli hupungua kadiri miaka inavyosonga. Jinsia inaingia kwa sababu wanaume na wanawake wa uzito mmoja kwa kawaida hawana misuli sawa.

Tuchukue mfano wa dada mwenye miaka 21, kilo 52 na kimo cha sentimita 158. Uzito unatoa 520. Kimo kinatoa 987.5. Jumla ni 1,507.5. Tunaondoa 105 za umri, kisha 161, tunabaki na 1,241.5, yaani kama kilokalori 1,240.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika mazoezi ya darasani ni kuandika kimo kwa mita. Ukiweka 1.58 badala ya 158, jibu linakuwa kama 264. Ukipata namba chini ya 800 kwa mtu mzima mwenye umbo la kawaida, usiiamini. Rudi ukaangalie vipimo vyako kwanza.

Sasa dada huyo huyo akitumia kanuni ya zamani ya Harris na Benedict, ya mwaka 1919, atapata kama 1,346. Je, ipi ni ya kweli? Kanuni ya zamani mara nyingi hutoa namba ya juu kidogo, ndiyo maana wengi tunaanza na ile ya 1990. Lakini hata hiyo, kwa watu wengi, inaweza kukosea asilimia 10 juu au chini. Kwa dada wetu, asilimia 10 ni 124, hivyo nishati yake halisi huenda iko kati ya 1,116 na 1,364. Jibu la kanuni ya pili limo humo humo. Tena kanuni zote mbili zilitengenezwa kwa kupima watu wa Marekani, si wa kwetu. Basi hakuna haja ya kubishana juu ya kilokalori 20 au 30.

Hatari kubwa iko katika kuisoma namba. Nimesikia wenzetu bwenini wakisema, "Simu imeniambia 1,240, basi nisile zaidi ya hapo." Hiyo ni nishati ya mtu aliyelala siku nzima. Anayekwenda darasani, kufua na kupanda ngazi huzidisha. Kwa mwanafunzi anayekaa sana, tunazidisha kwa kama 1.5: 1,240 × 1.5 ni 1,860. Dada akila 1,240 tu, kila siku anapungukiwa kilokalori 620, sawa na theluthi moja ya mahitaji yake. Kwa mtu wa kilo 52 ambaye hana uzito wa kupunguza, hilo huleta uchovu, na likiendelea hedhi inaweza kuvurugika au kukatika.

Kanuni hii pia haioni misuli. Mwanamichezo mwenye misuli mingi itampunguzia. Mgonjwa aliyevimba kwa maji itamzidishia, kwa kuwa uzito wa maji hauchomi nishati. Mjamzito asiitumie peke yake.

Ukitaka kujua kama makadirio yanakufaa, kula kiasi kilekile kwa wiki tatu au nne, ukipima uzito asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile. Uzito ukibaki palepale, unakula sawa na unachotumia. Ukishuka bila wewe kutaka, namba yako ilikuwa ndogo mno: ongeza chakula, na ukiendelea kushuka nenda kituo cha afya.