Umesahau Siku Muhimu: Baada ya "Nisamehe" Kuna Nini?



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya maneno makali, ulevi, fedha na wakwe. Leo tuangalie kosa ambalo halina kelele: mmoja wenu amesahau siku ambayo mwenzake alikuwa ameibeba moyoni kwa wiki nzima. Hakumpiga mtu, hakutukana, wala hakutumia fedha za nyumba vibaya. Siku ilifika, ikapita, na yeye hakuwepo. Kwa sababu hiyo aliyesahau huliona kosa kuwa dogo, na aliyesahauliwa hukosa hata jina la kuliita.

Siku zenyewe ni nyingi: siku ya ndoa, siku ya kuzaliwa, siku ya kwenda kwa wakwe. Tuchukue iliyo nzito kuliko zote, kwa maana atakayejua kutengeneza hiyo hatashindwa na nyingine. Nayo ni siku ya kumkumbuka mtoto aliyefariki.

Tuwatazame wanandoa wa mfano. Boma lao liko Khunyangu, upande wa Butula katika Kaunti ya Busia. Mume ni karani wa wakala wa forodha mpakani Malaba. Amepanga chumba huko, naye hurudi nyumbani Jumamosi kwa matatu za kupitia Busia na Bumala. Miaka mitatu iliyopita, tarehe 9 Julai, walimzika binti yao wa darasa la tatu. Mwaka huu walikubaliana mapema: mke aandikishe nia ya Misa parokiani, mume aombe ruhusa kazini, wasimame pamoja.

Tarehe 9 ilipofika, malori yalikuwa yamejaa barabarani na karatasi zimejaa mezani. Mume hakuja. Jina la binti lilisomwa, na mke akasimama peke yake. Mama mkwe alipomwuliza, "Mwanangu yuko wapi?" alijibu, "Alinipigia, amebanwa na kazi." Hakuwa amepigiwa. Mume alikumbuka siku mbili baadaye. Alituma shilingi elfu tatu kwa M-Pesa na ujumbe: "Pole mama watoto, kazi ilikuwa nyingi." Jumamosi alifika na leso mpya na samaki wa Busia. Mke alipokea, akapika, akaandaa meza, wala hakusema neno.

Mume alishangaa. Alijiona ametoa zaidi ya kutosha. Je, alikosea wapi?

Tuanze na lile neno "pole". Katika Kiswahili chetu pole humpa mtu aliyepatwa na jambo: aliyefiwa, aliyeugua, aliyejikwaa njiani. Hata jirani asiyehusika hutoa pole. Mume anayesema pole kwa kosa lake mwenyewe amejiweka upande wa majirani, kana kwamba mvua ndiyo iliyomnyeshea mke wake. "Samahani" nayo tunaitumia tunapompita mtu kwenye benchi kanisani. Kwa jambo kama hili maneno ni "nimekukosea" na "nisamehe". Jihadhari pia na "siku ilinipita". Siku haikumpita mtu; mtu ndiye aliyesahau. Na mbaya kuliko yote ni "kama nimekukosea", maana hilo "kama" linamwachia mke kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 2016 Profesa Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi uliohusisha watu 755 katika makundi mawili. Waliwapa kauli za kuomba radhi zenye sehemu mbalimbali: kueleza majuto, kueleza sababu, kukiri kwamba kosa ni langu, kuahidi kutorudia, kujitolea kutengeneza kilichoharibika, na kuomba kusamehewa. Kilichopokelewa vizuri kuliko vyote kilikuwa kukiri kwamba kosa ni langu. Cha pili kilikuwa kujitolea kutengeneza. Cha mwisho kabisa kilikuwa kuomba kusamehewa. Ni kweli kwamba watu hao walisoma juu ya kosa la kazini, hawakuwa mume na mke wenye kaburi bomani, kwa hiyo tusiugeuze uchunguzi huo kuwa sheria. Lakini mume wetu wa Malaba aanglie ujumbe wake: una sababu, una pole, hauna kukiri kokote.

Sasa tuangalie leso na samaki. Si vitu vibaya. Tatizo ni kwamba havilingani na kilichopotea. Siku ile mke alipoteza vitu vitatu. Alikosa mwenzi wa kusimama naye jina la mtoto liliposomwa. Aliaibika mbele ya ukoo na waumini. Na alilazimika kusema uongo ili kumfunika mume wake, jambo ambalo mume hakulijua hata kidogo, kwa sababu hakuuliza siku ile ilikwendaje. Leso hairudishi hata kimoja kati ya hivyo. Fedha za M-Pesa ndizo zinazoumiza zaidi, kwa kuwa zinafanana na malipo ya kumaliza deni.

Basi tuirudie safari yake, tena tangu usiku alipokumbuka.

Kwanza apige simu, asitume ujumbe. Aseme kwa ufupi: "Nilisahau tarehe tisa. Ni kosa langu. Nakuja kesho, sitangoja Jumamosi." Akate hapo, asitume fedha. Kuomba ruhusa ya siku moja na kukosa ujira wake ni sehemu ya toba yake, na mke ataliona hilo bila kuambiwa.

Akifika nyumbani, angoje watoto wale na walale. Kisha aulize: "Siku ile ilikuwaje?" Asikilize hadi mwisho, ndipo aseme kosa kwa sura yake halisi: "Mama watoto, ulisimama peke yako jina la binti yetu likisomwa, ukalazimika kunitetea kwa mama. Mimi ndimi niliyekufanya usimame hivyo. Nimekukosea." Anayetaja jambo lenyewe ameonyesha kwamba ameliona. Anayesema tu "nisamehe kwa yote" hajaonyesha kitu.

Hapo anyamaze. Ni vigumu, hasa kwetu wanaume tuliozoea kuongoza mazungumzo. Mke aweza kulia, aweza kusema maneno ya uchungu, aweza kukumbusha na mengine. Mume asijibu kwa kusema, "Na wewe mwaka ule ulisahau mazishi ya mjomba." Wala asilie yeye kwa namna ambayo mke atalazimika kuacha machozi yake ili ambembeleze.

Kuna neno moja zaidi ambalo baba aliyefiwa apaswa kujiuliza kwa unyofu. Je, kweli alisahau, au alikwepa? Wapo wanaume ambao wiki ya kumbukumbu inapokaribia hujizamisha kazini kwa sababu hawawezi kuikabili siku hiyo. Kama ndivyo, aseme hivyo. "Niliogopa" humfungulia mke mlango ambao "kazi ilikuwa nyingi" huufunga, kwa maana mke alidhani analia peke yake katika nyumba ile. Lakini aseme baada ya kukiri, wala asiifanye hofu yake kuwa utetezi.

Ndipo lije tendo. Mume aende mwenyewe ofisi ya parokia, asimtume mke wala mtoto, aandikishe nia nyingine kwa ajili ya binti yao, kwa siku ambayo ameshaomba ruhusa kazini. Tuelewane vizuri: Misa ya tarehe 9 haikupungua kwa sababu baba hakuwepo, padre aliiombea nia ile. Nia hii ya pili ni ili hawa wawili wasimame pamoja, jambo ambalo halikufanyika. Haihitaji kungoja mwaka mzima, kwa kuwa marehemu aweza kuombewa katika Misa siku yoyote padre anapokuwa na nafasi. Na asiye na sadaka ya Misa asione haya: sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, inawahimiza mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila kupokea sadaka.

Kabla ya siku hiyo aende kwa mama yake na kusema, "Mama, siku ile sikubanwa na kazi. Nilisahau. Mke wangu alinifunika." Sentensi hizo tatu zinamwondolea mke uongo aliobeba, na zina thamani kuliko leso kumi. Aibu iliyotokea mbele ya watu hairekebishwi chumbani. Tena asubuhi ya Misa hiyo wapalilie pamoja kaburi lililo pembeni mwa boma, jembe likiwa mkononi mwa mume.

Utajuaje kwamba jeraha limeanza kufunga? Usitegemee neno "yameisha". Wake wengi hulisema upesi ili watoto wasisikie ugomvi, na waume wengi hulipokea upesi ili wakalale. Dalili ya kweli ni kwamba mke anaanza kumzungumzia mtoto tena mbele yako: alivyokuwa akiimba, alivyokataa sukumawiki. Ikiwa jina la mtoto halitajwi nyumbani kwa wiki kadhaa, bado. Ngoja, wala usidai msamaha kama mtu anayedai risiti.

Na kuna mahali njia hii inapofika mwisho. Kama ni mwaka wa tatu mfululizo, au kama kusahau siku kunakwenda pamoja na kusahau karo, simu na hata kurudi nyumbani, basi tarehe siyo ugonjwa bali ni homa inayoonyesha ugonjwa. Hapo waiteni wasimamizi wa ndoa yenu au mwoneni padre, mapema.

Msidhani tunawasema waume peke yao. Mama anayevusha bidhaa Busia tangu alfajiri aweza kusahau siku ya kumkumbuka baba mkwe, na mume akanyamaza kwa kiburi hadi mwezi uishe. Hatua ni zile zile, na "pole" yake haifai kuliko ya mume.

Limebaki jambo la mwaka ujao. "Nitakumbuka" ni ahadi dhaifu, kwa sababu akili haishiki tarehe tupu vizuri. Hushika jambo lililofungwa kwenye jambo jingine. Karani wetu anajua siku ya mshahara wa Juni bila kuangalia popote. Basi afunge nia ya Misa kwenye mshahara huo: siku anapoupokea, kabla ya kununua chochote, apigie ofisi ya parokia na kuomba ruhusa kazini. Mke aandike tarehe 9 kwenye kalenda ya jikoni, mume aiandike kwenye ile iliyo ukutani juu ya meza yake Malaba, kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na jina la mtoto.