SOMO: Kumwandikia Binti Aliye Ng'ambo Pilau ya Nyumbani

Mama wa Upanga anapomwandikia binti yake aliyeko Ujerumani namna ya kupika pilau, huandika kama anavyozungumza: "Mwanangu, tia binzari nyembamba ya mia tano, maji yapite mchele kwa pingili ya kidole, kisha palia moto." Kila neno ni la Kiswahili, na binti analielewa. Hata hivyo, akiwa jikoni kwake hawezi kulifuata. Tuichukue barua hiyo hatua kwa hatua.

1. Jina la kiungo

Katika maduka ya Ujerumani kuna mbegu mbili zinazofanana kwa umbo, na majina yake yanakaribiana. Moja ni binzari nyembamba. Nyingine hutiwa kwenye mikate, na ikiingia kwenye pilau huharibu ladha yote. Mama amwambie binti asitegemee macho tu, bali asugue mbegu kidogo kiganjani na kunusa. Harufu ya pilau ikikosekana, siyo yenyewe. Njia nyepesi zaidi ni kwenda duka la Wahindi na kuomba jira. Jina hilo Upanga linajulikana, kwa kuwa familia nyingi za Kihindi huishi hapo.

2. Kipimo

"Ya mia tano" ni kipimo cha Kariakoo. Ng'ambo hakina maana. Kabla ya kupika, mama aimimine binzari hiyo kwenye kijiko cha chai, ahesabu vijiko na kuviandika. Afanye vivyo hivyo kwa mchele na maji, akitumia kikombe kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapo pana jambo la kuangalia. Tuseme mama amepata kikombe kimoja cha mchele wa Kyela kwa viwili vya maji. Binti atanunua basmati na kuiloweka nusu saa. Mchele huo umekwisha kunywa maji, hivyo kikombe kimoja na nusu kinatosha. Akitia viwili, atapata bokoboko. Supu ya nyama nayo ihesabiwe kama maji.

3. Neno la upishi

Kupalia ni kuweka makaa juu ya mfuniko ili wali ukauke kwa joto la juu na la chini. Binti hana makaa, lakini ana oveni. Basi mama aandike: "Maji yakikaribia kukauka, funika sufuria vizuri, iweke kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 20." Sufuria isiwe na vishikio vya plastiki. Pilau imeiva ikiwa mwiko ukizamishwa hadi chini haukuti maji, na punje zinaachana.

Zoezi: Chagueni chakula kimoja cha kwenu. Mmoja apike, mwingine aandike vipimo. Kisha apewe mtu wa tatu apike kwa karatasi hiyo tu, bila kuuliza. Kila atakapokwama, hapo ndipo pa kuandika upya.