Maneno Chini ya Picha: Wakati wa Kuweka Kalamu Chini

Siku hizi wengi wetu twapeleka picha kwa simu, na chini yake huandika maneno machache. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini mtu aweza kuandika mara ishirini asiridhike. Nataka kuonyesha jinsi ya kujua kwamba sasa yatosha.

Nitatumia picha niliyoipiga hapa Mutakura. Yaonyesha shangazi yangu akipima ndagala kwa kopo, mbele ya nyumba, saa kumi na mbili jioni. Niliandika hivi:

1. Shangazi akipima ndagala jioni, Mutakura.
2. Jioni ya dhahabu, na mikono inayolisha taifa.
3. Shangazi akipima dagaa wa Ziwa Tanganyika, Mutakura, Bujumbura.
4. Kopo la shangazi limejaa hadi juu: ndagala za jioni, Mutakura.

Hebu tuyapime. La pili laweza kuwekwa chini ya picha ya mkulima wa Gitega au ya mwokaji mikate wa Mombasa, wala hakuna atakayeshangaa. Maneno yanayofaa kila picha si ya picha hii, wala si yangu.

La tatu ni sahihi, na msomaji wa Dar es Salaam atalielewa upesi. Lakini nyumbani hatusemi dagaa, twasema ndagala. Je, mgeni atapotea? Hapana, kwa maana samaki wenyewe wamo pichani, nayo picha yamfasiria. Kama picha isingewaonyesha, ningeliweka neno lake.

Yabaki la kwanza na la nne. La nne limeongeza jambo la kweli: shangazi hajazi kopo nusu, na wateja wake wamjua kwa hilo. Basi badiliko hilo lilikuwa na sababu. Baada yake nilijaribu kuweka "pomoni" mahali pa "hadi juu", kisha nikarudisha "hadi juu". Hapo ndipo pa kusimama. Badiliko lisiloweza kutajiwa kosa linaloliondoa ni kuzungukazunguka tu, na neno lililofutwa likirudi lenyewe, kazi imekwisha.

Kisha soma kwa sauti, kama unayemwambia jirani aliyeketi nawe barazani. Ukiona waona haya kulitamka, au ulimi wakwama, sentensi hiyo umeiazima. La nne nalitamka bila kufikiri.

Lakini angalieni: sauti yako haisahihishi uongo. Jina, mahali na saa huhakikishwa kwanza, na mwenye sura huombwa ruhusa. Hayo yakiwa na kosa, rudi uandike tena, hata kama maneno ni matamu.

Zoezi: chukua picha moja, andika maneno ya namna nne, na kando ya kila badiliko taja kosa lililoondolewa. Pale utakapokosa la kutaja, weka kalamu chini.